Pauni Mia Mbili na Kumi

Kuna watu wanaosamehe haraka. Mimi si mmoja wao, na kwa miaka mingi nililihesabu jambo hilo kuwa ni nguvu.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu Kiomboi, na nilikuwa nimeandika kitabu cha hesabu cha shule za msingi. Kilichapishwa na kampuni ya London, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka nililetewa malipo yangu ya uandishi kwa pauni. Hundi ikifika naipeleka benki Singida mjini, benki inaibadili kuwa shilingi na kunipa karatasi inayoonyesha tarehe, idadi ya pauni na kiwango walichotumia. Mke wangu, muuguzi wa hospitali pale pale Kiomboi, alizitunza karatasi zile kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwaka ninaousimulia nilipata pauni mia na ishirini katikati ya mwaka, na pauni tisini mwezi wa Desemba.

Katikati ya malipo hayo mawili Waingereza wakaishusha pauni yao. Shilingi yetu ilikuwa bado changa, ikagoma kushuka nayo. Tulijisikia wakubwa kweli kweli. Pauni iliyokuwa shilingi ishirini ikawa benki wanainunua kwa shilingi kumi na saba na senti kumi.

Mwaka ulipokwisha nikajaza fomu ya kodi ya mapato, nikaambatanisha taarifa ya mchapishaji iliyotaja pauni mia mbili na kumi, nikaituma ofisi ya kodi Dodoma. Baada ya miezi michache nikapata barua. Mkadiriaji wa kodi alisema nimetaja shilingi 3,591, wakati pauni 210 kwa kiwango cha shilingi ishirini ni shilingi 4,200. Nieleze kwa maandishi, ndani ya siku thelathini, shilingi 609 zimekwenda wapi. Kama hayo yangeishia hapo ningevumilia. Lakini chini aliongeza sentensi moja: "Mtu anayewafundisha watoto kuzidisha anatarajiwa kujua kuzidisha." Na nakala akampelekea Afisa Elimu wa wilaya.

Nakala ile ndiyo iliyoniunguza. Mwaka ule nilikuwa nimependekezwa kuwa mwalimu mkuu. Zilikuwa siku za Azimio, siku ambazo neno "mnyonyaji" lilimmaliza mtu upesi kuliko malaria. Afisa Elimu aliniita, nikamwamkia, akaniambia bila kunitazama, "Mwalimu, lisafishe jambo hili kwanza. Ukuu wa shule utasubiri." Mkadiriaji yule nilikuwa sijamwona kwa macho, lakini nilimchukia kama mtu aliyenichomea ghala la uwele.

Kosa lake nililiona papo hapo. Alikuwa amezidisha pauni zote kwa ishirini, hata zile tisini za Desemba, wakati Desemba hakuna benki iliyokuwa ikitoa ishirini. Nikaanza kuandika jibu. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nne za sumu. Nilimuuliza kama habari za pauni hazikufika Dodoma. Nilimwambia kama angekuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita ningemrudisha la tano. Nakala nilizipanga ziende kwa Afisa Elimu, kwa mkubwa wa kazi wa mkadiriaji, na kwa mkubwa wa mkubwa huyo. Nilifurahi sana siku hizo. Nilikula vizuri.

Mke wangu aliporudi kutoka zamu nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu, akaenda kuchukua kopo.

"Baba watoto, umeziambatanisha karatasi za benki?"

"Nitaziambatanisha."

"Umezisoma?"

Nikamwambia sina haja, kiwango nakijua. Akaitoa ile ya katikati ya mwaka akaiweka juu ya rasimu yangu. Pauni mia na ishirini, kwa shilingi ishirini: shilingi 2,400. Nikaitazama. Nikaichukua fomu yangu, ile nakala niliyobaki nayo, nikaitazama nayo.

Nilipokuwa najaza fomu ile nilikuwa nimemuuliza karani wa benki, "Pauni siku hizi ni ngapi?" Akanijibu kumi na saba na senti kumi, nami nikazizidisha zote mia mbili na kumi kwa kiwango hicho. Mkadiriaji alibeba kiwango cha zamani akakipeleka mbele. Mimi nilibeba kipya nikakirudisha nyuma. Kila malipo yalistahili kiwango cha siku yalipopokelewa, na hakuna kati yetu aliyefanya hivyo.

Nikakokotoa kwa penseli. Kosa lake, pauni tisini mara tofauti ya viwango, shilingi mbili na senti tisini: shilingi 261. Kosa langu, pauni mia na ishirini mara hizo hizo: shilingi 348. Jumla 609, hakuna senti iliyobaki.

"Nyani haoni kundule," mke wangu akasema, akaenda kuwasha moto. Alicheka jikoni, nikamsikia.

Usiku mzima nilitafuta njia ya kulieleza kosa la mkadiriaji bila kulitaja la kwangu. Haikuwepo. Hesabu ina ukaidi huo: shilingi 261 haziwezi kueleza pengo la shilingi 609, na mtu mwenye taarifa ya mchapishaji mezani angeuliza zilizobaki ziko wapi. Basi nikaandika ukurasa mmoja. Malipo ya kwanza, tarehe, kiwango, shilingi 2,400. Malipo ya pili, tarehe, kiwango, shilingi 1,539. Pato halisi shilingi 3,939. Ofisi iliongeza shilingi 261 zisizokuwepo, mimi nilipunguza shilingi 348, karatasi za benki hizi hapa. Sentensi ya mwisho, ile ya kukiri, niliiandika meno yameumana.

Makadirio mapya yalikuja yakiwa shilingi 3,939, bila adhabu, bila neno lolote la ziada. Afisa Elimu akaniambia limekwisha. Nikawa mwalimu mkuu.

Ungedhani hapo ningetosheka. Kitabu changu kilikuwa kinapigwa chapa ya pili, nami nikaongeza hesabu ya kumi na nne kwenye zoezi la sarafu: "Karani mmoja wa kodi, mvivu wa kusoma tarehe, alizidisha pauni 90 kwa shilingi 20 badala ya shilingi 17 na senti 10. Alikosea kwa shilingi ngapi?" Zile mia na ishirini za mwalimu sikuzitia. Shule zote za wilaya yetu ya Iramba zikaifanya hesabu ile, na za Singida, na za mbali zaidi. Nilipita madirishani nikisikia watoto wakimcheka karani, nikaona raha ambayo hata leo sioni haya kuikiri.

Miaka miwili baadaye Afisa Elimu mpya alinituma nikapange majalada ya walimu ofisini kwake. Katika jalada langu nilikuta barua ya mkadiriaji, aliyomwandikia Afisa Elimu wa zamani baada ya kupokea jibu langu. Ilikuwa fupi. Ofisi yake, alisema, ilitumia kiwango kimoja kwa malipo yote. Mwalimu ameeleza tofauti kwa kuridhisha. Maneno ya barua ya kwanza hayakustahili, na anaomba yasimzuie kupanda cheo. Shilingi 348 hakuzitaja popote.

Niliisoma nimesimama. Kisha nikaketi chini sakafuni, katikati ya majalada ya watu wengine.

Wiki ile ile niliandika London nikiomba hesabu ya kumi na nne iondolewe katika chapa ijayo. Walijibu kwa heshima kwamba walimu wanaipenda kuliko zote, na wakauliza kama ninazo nyingine za namna hiyo.