Kamera Iliyofungwa kwa Ajili ya Wezi

Babu Ndoo alikuwa amekamua katika banda lile miaka ishirini na sita, na hakuna aliyethubutu kumfundisha habari za ng'ombe. Kwa hiyo ng'ombe wake Madoa alipogoma kuinuka, alimjia juu daktari wa mifugo aliyesema maradhi yale ni ya siku nyingi.

"Jana alitembea vizuri. Nilikuwepo."

Daktari, binti wa rika la wajukuu zake, alikuwa ameshachonga kwato ya mbele na kukuta usaha umefika kwenye kiungo. Kilichobaki ni sindano ya kumpumzisha milele. Hakubishana naye. Aliomba rekodi za kamera, ambazo hakuna aliyewahi kuzitazama kwa kuwa hakijaibiwa kitu.

Kwa siku kumi na moja Madoa alionekana akipita ujiani peke yake, mgongo umepinda, kichwa kikinyanyuka kila mguu mbovu ulipogusa sakafu. Kisha, kila siku, mlango ulionekana ukifunguliwa, Babu Ndoo akaingia, na Madoa akanyoosha mgongo, akakaza mwendo.

"Ng'ombe huficha maumivu, mzee wangu," daktari alisema taratibu, "mbele ya mtu anayemtia hofu."

Babu Ndoo alirudisha picha nyuma mara ya nne. Miaka yote hiyo alidhani anasalimiwa.