Mguso wa Paja

Niliporudi Juba baada ya mkataba wa amani, Kiarabu changu kilikuwa cha kuwachekesha watu sokoni. Nilikulia Nairobi, na huko, katika ukumbi wa kanisa moja, nilijifunza mchezo wa vitara, ule wa kupigana kwa panga nyembamba. Sikutarajia kuuona tena. Katika mji uliojaa watu waliochoka na silaha, nani angeshika upanga kwa kujifurahisha?

Jioni moja nikipita karibu na kituo cha utamaduni cha Nyakuron, nilisikia mguu ukipiga saruji ndani ya jengo tupu, pa, kama mtu anayemtisha mwenzake. Nilichungulia. Mwanamume mrefu, mvi zimeanza kumwingia, alikuwa akipigana peke yake. Aliruka mbele, akarudi nyuma, akakinga pigo la mtu asiyeonekana. Kisha akasimama, akainua mkono wa kushoto, ishara wanayoitoa wachezaji wanapokiri kwamba wameguswa. Aliuinua kwa heshima, akiangalia usawa wa macho ya mtu asiyekuwepo mbele yake.

Alikuwa daktari. Alipelekwa Cuba akiwa mtoto, pamoja na watoto wengine wa Kusini mwa Sudan, akasoma huko na kujifunza vitara huko. Wenzake waliohamia ng'ambo walikuwa wamemtumia mkoba mrefu wenye barakoa na silaha zao za zamani za Cuba, za kutosha watu wawili. Nilipomwambia kwamba nimewahi kucheza foili, mojawapo ya silaha tatu za mchezo huo, alitikisa kichwa.

"Foili mimi hapana fundisha," alisema. Kiswahili chake alikiokota Uganda. "Epee, tamam, sawa. Sabre, tamam. Foili iko ndani ya mkoba, ikae huko."

Sikuuliza sababu. Nilikuja kila Jumamosi asubuhi, na baada ya muda akajiunga nasi mama mmoja Mganda, fundi cherehani mwenye kibanda sokoni. Daktari alikuwa amempelekea turubai atushonee koti za kinga, naye akataka kujua zinakinga nini. Alipoishika sabre hakuiacha tena. Chuma chake ni bapa na chepesi, na si ncha pekee inayohesabiwa bali hata makali, kwa hiyo unaweza kukata kama mtu anayefyeka. Shabaha ni kila kitu kuanzia kiunoni kwenda juu, kichwa na mikono vikiwemo. Yule mama alipenda kunigonga kwenye barakoa hadi masikio yakalia.

"Sister, kichwa yako iko wazi," aliniambia kila mara, bila kucheka.

Mimi nilihangaika na epee. Ni nzito kuliko zile nyingine, na chuma chake cha pembe tatu ni kigumu, hakikunjiki kwa urahisi. Kikombe chake cha kukinga mkono ni kikubwa, kwa sababu kwenye epee mkono wenyewe ni shabaha, na mguu, na goti, na kidole cha mguu. Mwili wote. Hakuna kuuliza nani alikuwa na haki ya kushambulia. Anayetangulia kugusa ndiye anayepata, na mkigusana kwa pamoja nyote mnapata. Hatukuwa na mashine ya umeme, basi daktari alichovya ncha katika maji ya mkaa, na alama nyeusi kwenye koti ikawa shahidi wetu.

Tatizo langu lilikuwa mwili uliofunzwa foili. Kwenye foili shabaha ni kiwiliwili tu. Ukiguswa mkono au mguu, mchezo unasimamishwa, hakuna anayepata kitu, mnaanza tena. Tena kuna haki ya shambulio: aliyeanza kushambulia ndiye mwenye neno, na mwenzake sharti akinge kwanza ndipo ajibu. Kwa miaka niliifundisha miguu yangu kwamba haina thamani kwa adui. Niliiacha wazi.

Basi Jumamosi moja daktari alininyemelea chini na ncha ya epee ikanitua pajani. Nilicheka ndani ya barakoa. Nikasema, kwa mazoea, "Hiyo paja tu, daktari. Haihesabiwi."

Alishusha silaha. Kisha akavua barakoa, akaiweka sakafuni taratibu, akatoka nje. Yule mama alinitazama. "Umesema nini kwake?"

Tulimkuta ameketi kwenye kivuli cha ukuta. Alizungumza bila kutuangalia.

Alikuwa na rafiki. Walipelekwa Cuba kwa meli moja, wakalala kitanda juu ya kitanda, wakacheza foili miaka yote ya ujana. Rafiki yake alikuwa bora. Chuma kile chembamba chenye pande nne, kinachopinda kama unyasi, mkononi mwake kilionekana kama kinafikiri. Walirudi pamoja wakati wa vita, mmoja daktari kijana, mwingine mwalimu. Barabarani wakashambuliwa. Risasi ikampata rafiki pajani.

"Mimi nafunga na shati. Nakaza. Damu iko nyingi," alisema. "Yeye anacheka. Ananiambia, 'Ndugu, acha kuogopa. Paja haihesabiwi.' Halafu akanyamaza. Khalas, kwisha."

Yule mama aliketi kando yake juu ya vumbi, na gauni lake safi. Pole lingekuwa neno dogo mno.

"Nikiwa peke yangu ndani, anakuja," daktari aliendelea. "Hazungumzi. Anasimama mahali pake, ananisalimia na upanga, tunacheza. Kila siku ananigusa. Mimi sijawahi kumgusa."

Yule mama akauliza, "Anakuja na silaha gani?"

"Foili."

"Na wewe unashika nini?"

"Epee."

"Sasa mtaelewana vipi?" mama alisema. "Huyo anacheza mchezo moja, wewe unacheza ingine."

Sijui kama alilisema kwa hekima au kwa udadisi wa fundi anayependa vitu viende sawa. Daktari aliinuka, akaingia ndani. Tulisikia zipu ndefu ya mkoba ikifunguliwa. Alitoka na foili mbili, akanipa moja. Mpini ulikuwa umezungushiwa uzi mwekundu uliofifia, na nilijua bila kuambiwa ulikuwa umefungwa kwa mkono wa nani.

Tulirudi ndani, tukacheza. Yule mama alisimama pembeni kama mwamuzi, ingawa sheria za foili alikuwa amezisikia tu kutoka kwangu. Nilishambulia, daktari akakinga, akajibu, chuma kikapinda juu ya kifua changu kama upinde. Niliinua mkono. Kifua changu kilikuwa changu, lakini nilihisi nimemkopesha yule rafiki nafasi niliyosimama. Nyuma yangu, juu ya saruji, mguu ulipiga, pa. Wa kwangu haukuwa umesogea. Nilimtazama yule mama, yeye pia alikuwa amegeuza kichwa.

Daktari hakugeuka. Alisimama wima, akatoa saluti kwa upanga, akaielekeza nyuma yangu, juu ya bega langu.

Sikuwahi kumwuliza kama mwenzake aliendelea kuja. Karibu na wakati wa kura ya uhuru alihamishiwa hospitali ya mji mwingine, akatuachia silaha. Mama fundi alichukua sabre. Mimi nikaibeba foili hadi nyumbani, mtaa wa Juba Na Bari, ambako mama yangu mzazi hakutaka iingie ndani. Alikuwa amebaki mjini miaka yote ya vita, mimi nikiwa Nairobi, na vyuma alivijua.

"Hii inaua?" aliniuliza mlangoni.

"Hapana, mama. Inapinda."

Aliikamata ncha, akaikandamiza kwenye kiganja chake. Chuma kikapinda taratibu kuelekea juu. Akakishikilia hivyo, akikitazama kiganja kisichotoka damu, muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akaniacha nipite.