Silabi Moja, Noti Nne

Kwenye kwaya walimwita Bi Noti, na yeye aliwaambia wageni mapema kuwa noti zenyewe si za benki. Siku za kazi alifundisha hesabu sekondari. Jioni alifundisha kwaya katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, wenye viti vya plastiki na kinanda ambacho kitufe kimoja kilikuwa kimekufa ganzi. Kwa kinyongo hakuwa na nafasi, lakini kwa ubishi alikuwa hana mwenzake, na mumewe aliyajua hayo tangu siku za uchumba.

Mwenyekiti wa kamati ya nyimbo ndiye aliyemfundisha kusoma muziki alipokuwa msichana. Mzee huyo alikuwa ameandika maneno mapya ya Kiswahili kwa wimbo wa zamani wa kigeni, nao ulitakiwa kuingia kwenye kitabu kipya. Akaleta karatasi mwenyewe, akakaa mbele, mikono juu ya fimbo yake.

Kwaya ikaimba. Mstari wa tatu ulikuwa na noti tano za kawaida, kisha noti nne za kushuka zilizofungwa pamoja kwa upinde. Maneno yake yalikuwa "Bwana amekufa". Noti zile nne zote ziliangukia silabi ya mwisho.

"Bwana amekufa-a-a-a."

Shangazi yake Bi Noti, mwimbaji wa sauti ya pili, akamnong'oneza jirani yake kwa sauti iliyofika mlangoni: "Amekufaa? Kama viatu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Shikamoo tena, Mwalimu," Bi Noti alisema kwa upole. "Shangazi kasikia sawasawa. Sisi hatukanyagi silabi ya mwisho. Tunasema ameKUfa. Ukiivuta hiyo 'fa', watu wanasikia amekufaa, kwamba amekuwa wa manufaa kwako. Tumetoka msalabani, tuko dukani."

"Wimbo wenyewe unaishia kwenye silabi nzito. Ndivyo ulivyotungwa."

"Kwa lugha yao, ndiyo. Sisi uzito wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuweke 'Mwokozi' badala ya 'Bwana', silabi moja inaongezeka. Hapo 'ku' inabeba noti tatu, 'fa' inapata ile ya mwisho. Hakuna noti inayoguswa."

Akaimba mwenyewe, polepole, bila kuvuta pumzi katikati wala kuisukuma kila noti kwa "hu-hu-hu": "Mwokozi ame-ku-u-u-fa." Shangazi akafumba macho.

"Umekata upinde," mzee alisema.

"Nimekata upinde ili nisikate neno, Mwalimu."

Mzee akasimama. "Utaimba kama nilivyoandika, au utakaa pembeni."

Mkono ule uliokuwa juu ya fimbo ndio uliomwonyesha Bi Noti zamani jinsi ya kupiga mapigo hewani. Kumpinga mbele za watu kulimuuma. Hata hivyo akaiweka karatasi juu ya kinanda, akachukua mkoba wake.

"Basi nitakaa pembeni."

Jumapili mzee alisimama mwenyewe kuongoza, na Bi Noti akakaa na waumini, benchi la tatu. Ubeti wa kwanza ulipofika pale, watoto wakatazamana, wakabana vicheko. Mstari ule ulirudi katika kila ubeti. Ubeti wa pili, mama mmoja akafunika uso kwa kanga. Bi Noti aliona aibu ikiwapanda wanakwaya, na uso wa mzee ukizidi kukaza.

Ubeti wa tatu alisimama. Hakuomba ruhusa. Mstari ulipokaribia akaimba kwa kifua chote, "Mwokozi ame-ku-u-u-fa," na shangazi akaitikia kutoka kwenye kwaya, kisha sauti ya pili yote, kisha wanaume wa nyuma. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee aliendelea kupiga mapigo, macho chini, hadi mwisho.

Kamati ikamwita, ikamtaka aombe radhi.

"Kwa kusimama bila ruhusa, samahani," alisema. "Kwa 'ku', hapana."

Wakamrudisha kwenye kwaya kwa sababu kwaya iligoma kufanya mazoezi bila yeye. Ila kitabu kilichapwa na maneno ya mzee, herufi kwa herufi.

Vitabu vilipofika, katibu wa kanisa alimkuta Bi Noti ukumbini na kalamu ya wino. Alikuwa akifuta "Bwana" na kuandika "Mwokozi", kisha akichora upinde mfupi juu ya noti tatu, kitabu baada ya kitabu.

"Dada, hiyo ni mali ya kanisa!"

"Na mimi ni wa kanisa, kaka yangu," alisema bila kuinua kichwa. "Nisogezee lile boksi la pili."