Milimita Moja ya Dada Mistari

Ukiingia kwenye kiwanda chetu cha uchapaji umekosea kufunga vifungo vya shati, Dada Mistari hakusalimu kwanza. Anakuonyesha kifungo kwa kidole, anasubiri urekebishe, halafu ndiyo anakuuliza umeamkaje. Miaka sita ya mwanzo nilimchukia kwa tabia hiyo. Siku hizi najikagua mwenyewe mlangoni, na nikisahau nahisi nimekuja kazini bila viatu.

Mimi ni mkata karatasi. Mashine yangu ina kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima na haijui kusamehe. Yeye ndiye mpanga kurasa, meza yake iko upande wa pili wa dirisha la kioo. Jina hilo tulimpa kwa sababu hafungui ukurasa kwenye kompyuta bila kuujaza kwanza mistari ya mwongozo, ile myembamba ya buluu isiyotoka kwenye chapa. Huvuta mmoja juu, mmoja chini, miwili ubavuni, kisha gridi nzima ya vyumba vidogo, na herufi isipokalia mstari wake haendi kula. Tulimtania kwamba hata akilala huvuta mstari kati yake na ukuta.

Alirithi. Marehemu baba yake alikuwa mwashi, na utoto wake wote aliishika ncha ya pili ya uzi wa kujengea. Mzee yule, anasema, alikuwa na neno moja tu kwa mafundi wavivu: "Jicho lina huruma. Uzi hauna."

Nyumbani anaishi na mama yake, ambaye macho yameanza kumchoka, na mdogo wake wa mwisho, ambaye wote tunamwita Kitindamimba ingawa ana miaka ishirini na mitatu. Dada Mistari ndiye aliyemsomesha uuguzi. Binti akaongoza darasa lake, hospitali kubwa ikampa kazi, kwa sharti moja: alete cheti halisi kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kazi anapewa anayefuata kwenye orodha. Na vyeti vya chuo kile, kwa bahati njema au mbaya, huchapwa kwetu.

Mwaka huo chuo kilikuwa kimemezwa na chuo kikuu. Ikaja amri: nembo ya zamani iondoke, mpya iwekwe. Nembo ya zamani ilikuwa kiduara kidogo, ikikaa popote kama paka. Mpya ilikuwa ndefu, ngao yenye mwenge na jina la chuo kikuu ubavuni, na ilifuatana na kijitabu cha kanuni. Nembo kwenye cheti ikae juu, katikati kabisa ya ukurasa. Upana wake usipungue milimita sitini. Na pande zake zote nne iachiwe nafasi tupu sawa na urefu wa mwenge, isiingie herufi, wala picha, wala mstari.

Jumanne asubuhi, zikiwa zimebaki siku tisa za kazi, ile Ijumaa ikiwemo, nilimkuta akiifanyia kazi. Mtu mwingine angebadilisha faili tu na kuiacha nembo mpya ijibane ndani ya fremu ya ile ya zamani. Yeye aliifuta fremu, akavuta mstari wa katikati ya ukurasa, akaileta nembo. Akaiamuru kompyuta iiweke katikati, nayo ikaiweka. Akakunja uso.

"Iko kushoto," alisema.

"Kompyuta imesema katikati."

"Kompyuta imepima faili, Kaka. Faili lina utupu upande wa kulia, palipokuwa na maneno wakayafuta. Mimi napima wino."

Akausogeza wino milimita tatu kulia, ukakaa. Kisha akachora kisanduku chenye urefu wa mwenge, milimita nane, akakinakili juu, chini, kulia na kushoto kwa nembo, kama mtu anayeweka walinzi. Kulia na kushoto walipita. Kile cha juu kikapanda kwenye mstari wa dhahabu wa pambo la ukingoni, au kile cha chini kikagusa neno CHETI. Akishusha, kinagusa chini. Akipandisha, kinagusa juu.

Tatizo, mpendwa msomaji, ni kwamba karatasi zenyewe zilikuwa tayari. Karatasi nzito, zimepigwa pambo la dhahabu ukingoni na neno CHETI kwa dhahabu hiyohiyo, mwaka mzima kabla, wakati wa kile kiduara. Kutoka ukingo wa ndani wa pambo hadi kichwa cha lile neno ni milimita thelathini na nne. Nembo mpya, kwa upana wa sitini, ina kimo cha ishirini. Ongeza nane juu na nane chini: thelathini na sita. Zilipungua milimita mbili, na dhahabu haisogezwi kwa kompyuta.

"Ipunguze kidogo," nikasema.

"Nikiipunguza mpaka ienee, upana unakuwa hamsini na sita na kitu. Wanataka sitini."

Alipiga simu ofisi ya nembo ya chuo kikuu. Sauti ya upole ikamwambia aandike ombi la ruhusa maalumu, linajibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi. Alieleza habari ya Ijumaa. Sauti ya upole ikasema inaelewa kabisa, siku kumi na nne za kazi. Aliandika ombi siku hiyohiyo. Akauliza na karatasi mpya: wiki tatu. Nilimwona kupitia kioo, ameweka rula mezani, mikono mapajani. Sikuwahi kumwona amekaa bila kugusa kitu.

Alhamisi akaja Mkuu wa Chuo mwenyewe, mtu mnene, mchangamfu, mwenye haraka. Wazazi walikuwa wakimpigia simu kila saa. Dada Mistari alimwonyesha skrini, visanduku na dhahabu.

"Mwanangu," akasema Mkuu, "hiyo milimita nani ataiona?"

"Mwenye kanuni, Mkuu."

"Ana kazi nyingi huyo. Weka sitini, gawanya upungufu juu na chini. Funika kombe mwanaharamu apite."

Bosi wetu akaitikia kwa kichwa, kwa sababu mteja amesema. Dada Mistari alitazama chini. Najua alichokuwa anakiona pale: mdogo wake. Laiti vyeti vile vingekuwa vya watu baki, angebishana mpaka jioni, namfahamu. Lakini alikuwa na shauku ya kushindwa mabishano yale, na aliniambia hivyo baadaye bila kujificha.

Aliweka saba juu, saba chini. Katikati barabara. Tukachapa Jumatatu, vyeti mia tatu na ishirini, na alisimama kwenye mashine akipima karatasi baada ya karatasi, maana hata mashine nzuri huyumba nusu milimita. Vikapangwa kwa matokeo. Cha Kitindamimba kikawa juu ya rundo.

Kabla ya kutolewa ilibidi viidhinishwe. Jumatano akaja afisa wa nembo kutoka chuo kikuu, kijana mwenye adabu, viatu vimeng'aa, vifungo vyote sawa. Alitoa mfukoni karatasi ya plastiki isiyo na rangi, imechorwa nembo na kuzungushiwa mstari mwekundu wa nafasi tupu. Akailaza juu ya cheti cha kwanza. Nembo ikakaa juu ya nembo bila kasoro. Ndani ya mstari mwekundu, juu, ukaonekana uzi wa dhahabu. Chini, vichwa vya herufi.

"Mpangaji ni nani?" aliuliza.

"Mimi," akasema Dada Mistari.

"Umeweka sawa kuliko wote niliowakagua mwaka huu. Lakini nafasi imeingiliwa."

"Najua. Niliandika ombi."

"Limejibiwa?"

"Bado."

"Basi mikono yangu imefungwa, Dada. Lingejibiwa, ningesaini sasa hivi."

Na hakuwa muongo. Ndilo lililoniudhi zaidi. Nilitaka nimchukie, nikakosa pa kushika. Mkuu alipigiwa simu, akasema yuko kwenye kikao. Bosi akasema yeye alifuata maelekezo ya mteja. Tembo wote walikuwa wamekwenda zao, zikabaki nyasi.

Kijana akaeleza, kwa adabu ileile, kwamba vyeti vyenye nembo visivyoidhinishwa haviwezi kubaki vizima, vinaweza kutumiwa vibaya. Vikatwe mbele yake. Yaani vikatwe na mimi.

Nilileta rundo la kwanza kwenye mashine. Juu kabisa, jina la yule binti. Nilimwambia Dada Mistari kwa sauti ya chini atoke nje akanywe maji. Hakutoka. Alikuja akasimama kando yangu, akaona rundo limekaa upande, akalisukuma kwa viganja mpaka likagusa ukuta wa nyuma wa mashine, sawasawa kila pembe.

"Kata, Kaka," alisema.

Nimekata karatasi miaka kumi na tisa. Siku ile kidole kilikataa kubonyeza, nikabonyeza kwa cha mkono wa pili. Nililia mbele ya watu, na sioni haya kulisema.

Ijumaa ikapita. Kitindamimba alikwenda hospitalini na barua ya Mkuu yenye mhuri, wakamsikiliza vizuri, wakamwita anayefuata.

Wiki iliyofuata, siku ya kumi na nne kamili, ikaja barua ya kujibu ombi. Kwa kuzingatia karatasi zilizokuwapo, tumeruhusiwa kuacha milimita saba badala ya nane. Dada Mistari aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye faili lake. Vyeti vilikuwa kwenye magunia ya taka nyuma ya stoo. Nilitukana kwa maneno ambayo hayachapwi, na yeye kwa mara ya kwanza hakunikemea.

Karatasi mpya zilikuja baadaye, neno CHETI limeshushwa. Nane juu, nane chini. Nilimsindikiza kupeleka cha mdogo wake nyumbani, kwa kuwa hakutaka kwenda peke yake. Binti alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante Dada, akaingia chumbani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Afadhali angefunga kwa nguvu.

Mama akakitaka. Kisha akaomba na kile kilichokataliwa. Kumbe Dada Mistari alikuwa amekiokota nusu ya juu kwenye gunia. Mama akaviweka vyote viwili mapajani, akavisogeza kwenye mwanga wa dirishani, akapapasa nembo moja kwa kidole, akapapasa ya pili. Alirudia hivyo muda mrefu.

"Kosa liko wapi?" akauliza.

Dada Mistari akapiga magoti, akaweka ukucha wake kati ya nembo na dhahabu. "Hapa, Mama."

Mama akainamisha uso mpaka ukakaribia kugusa karatasi. Na mimi niliinama. Macho yangu ni mazima, na nilikuwa najua pa kutazama.

"Mbona sioni kitu, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama," akasema. "Hakionekani."