Skrinishoti Niliyoionyesha kwa Mkono Wangu

Mimi Masanja, karani wa ghala la pamba Bariadi, niligombana na mke wangu kwa meseji nikaona nimeshinda. Kwa kiherehere, nikapiga skrinishoti, nikafuta jina lake, nikampa simu Mama Kabula, mpima pamba, mbele ya wenzetu.

"Rafiki yangu kanitumia hii. Mkewe anamnyanyasa. Soma."

Akasoma kwa sauti. Mke: "Mbona hukuja kikao cha familia kwa mama? Tulikusubiri." Mume: "Hukuniambia." Mke akamrudishia ujumbe wake wa juzi wa kumjulisha kikao. Mume: "Kwa hiyo siku hizi unanitunzia ushahidi? Najiua kwa kazi, shukrani ndiyo hii? Hata dada zako wanajua haupo sawa." Mke: "Basi, nisamehe."

Nilikuwa naitikia kwa kichwa kwa fahari.

Mama Kabula akavua miwani. "Huyu mwanaume ni hatari. Kwanza anakana. Akionyeshwa ushahidi, anageuza kuulizwa kuwa ndilo kosa. Halafu anajifanya yeye ndiye anaumizwa, mwisho anamfanya mwenzake atilie shaka akili zake. Aliyekosewa ndiye kaomba msamaha, na swali la kikao bado halijajibiwa!"

"Unamsakama bure," nikafoka. "Mtu anachoka kutafutia familia, nyie mnamwona mbaya!"

Mama Kabula akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Masanja, meseji za mume ziko kulia, za kijani. Hizo ni za mwenye simu iliyopiga picha, na picha hii iko kwenye folda ya skrinishoti za simu yako."

Nikamnyang'anya ile simu niliyompa mwenyewe.

"Kwa hiyo siku hizi mnanipekua?"