Mjasiriamali A wa Masumbwe

Valerian Mihayo alikuwa mtu wa lebo. Katika kibanda chake pale Kambarage, mjini Shinyanga, alikuwa na kompyuta moja, printa mbili na bango la mlangoni lililoandikwa USHAURI WA CHAPA NA VIFUNGASHIO. Hilo neno ushauri alilichomeka mwenyewe, hakuna aliyempa. Chupa za alizeti, mifuko ya mchele, vikopo vya karanga, vingi vya wajasiriamali wa mjini vilivaa nguo aliyoishona yeye. Alipofika miaka arobaini na tatu akaona sasa ushauri wake utafutiwe cheti, akajiandikisha masomo ya masoko, darasa la Jumamosi, katikati ya vijana waliomwita mzee bila kumwonea haya.

Huko ndiko walikopewa ile insha. Swali lenyewe lilikuwa hivi: pima faida na hatari za njia tatu, yaani kubadili sura ya chapa, kuzalisha kwa jina la duka, na chapa ya pamoja ya kampuni mbili, tumia mfano halisi unaoufahamu kwa karibu. Vijana walihangaika kutafuta mifano mitandaoni. Valerian alicheka kimoyomoyo. Yeye mfano alikuwa nao nyumbani kwao, tena wa damu.

Mfano huo ni Mama Febronia, mdogo wa mama yake mzazi, anayeuza asali Masumbwe. Kwa miaka kumi na tano asali yake iliitwa Asali ya Mama Klara, kwa jina la bintiye wa kwanza. Aliikusanya kwa warina asali wa Bukombe, akaichuja mara mbili, akaijaza kwenye chupa na kufunga shingo ya kila chupa kwa utepe wa kitenge chekundu. Wachimbaji wa dhahabu waliinunua kwa ajili ya makoo yao yaliyojaa vumbi. Wengi hawakuwahi kusoma lebo yake. Walisema tu, nipe ile ya kitambaa.

Miaka mitatu iliyopita Valerian alimshauri abadilike. Akamtengenezea lebo ya rangi ya dhahabu yenye nyuki aliyevaa taji, na jina jipya la Kiingereza, Royal Miombo. Kile kitambaa akakiondoa kwa mkono wake, akisema ni mambo ya kishamba. Chupa ikapendeza kweli, hata adui yake angekubali. Lakini kule kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, wachimbaji waliishika, wakaigeuzageuza, wakairudisha mezani. Hiyo ya kiwandani, walisema, hiyo imetiwa sukari. Wakaulizia ya kitambaa, wakaambiwa haipo tena.

Mauzo yalipolala, Valerian hakukubali kwamba amekosea. Akaja na dawa ya pili. Duka kubwa moja mjini Geita lilitaka asali ya kuuza kwa jina la duka lenyewe. Mama Febronia angejaza tu, wao wabandike jina lao. Oda ya kila mwezi, matangazo juu yao. Ilikuwa nafuu ya kweli, na kwa mwaka mmoja mama yule alipumua. Kisha duka likapata asali nyingine Tabora, likaacha kuagiza. Kwa wateja hakuna kilichobadilika, jina kwenye rafu lilikuwa lilelile. Aliyebadilishwa ni yeye, na hakuna aliyegundua kwamba hayupo.

Hayo yote Valerian aliyaandika kwenye insha, kurasa tisa za Kiingereza, na kwa kweli aliyaandika vizuri. Alieleza kwamba kubadili sura huvuta wateja wapya lakini huweza kuwapoteza wa zamani kama alama wanayoitambua itaguswa. Alieleza kwamba jina la duka huleta oda bila gharama ya matangazo, ila mzalishaji hubaki mikononi mwa mnunuzi mmoja na hajengi jina lake. Mwenye asali alimwita Mjasiriamali A. Halafu kwenye ukurasa wa sita akaandika sentensi moja iliyomwondolea lawama yeye mwenyewe: Mjasiriamali A alishindwa kutokana na uelewa mdogo wa soko.

Mwalimu wao, Madam Vaileth, mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, aliirudisha insha bila alama. Sentensi ile alikuwa ameizungushia wino mwekundu. Pembeni aliandika: Alishindwa yeye? Nani alimshauri? Umemuuliza mwenyewe? Nenda kamuulize, uandike upya. Jumamosi ijayo, la sivyo somo hili utalirudia mwakani.

Valerian alikunja karatasi zake haraka kabla kijana wa jirani hajachungulia. Masikio yalimwaka moto. Jumatatu akapanda basi la Kahama, akaunganisha hadi Masumbwe, na njia nzima akapanga namna ya kumuuliza mama yake mdogo maswali bila kumweleza sababu.

Alimkuta uani, anachuja asali kwenye ndoo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Leo hata simu hukupiga. Kuna msiba?"

"Hakuna, mama. Ni masomo tu."

Kwenye benchi la ukutani palikuwa na chupa ishirini na kitu. Zote zilikuwa na utepe mwekundu shingoni. Mama Febronia alikuwa ameanza upya, anauza siku za mnada tu, kwa wale wachache waliomkumbuka. Valerian alizitazama zile tepe, akatazama pembeni.

Alijaribu maswali yake ya kuzungukazunguka. Mama Febronia akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akakaa.

"Hiyo karatasi uliyoikumbatia ndiyo inayouliza? Nisomee."

"Ni ya Kiingereza, mama."

"Wewe si unakijua? Soma, unifasirie."

Hapakuwa na pa kutokea. Akasoma, akafasiri, kidole kikifuata mistari. Sehemu ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Mama Febronia alitikisa kichwa hapa na pale, na pale penye habari ya wachimbaji akacheka kidogo. Walipofika ukurasa wa sita Valerian akakohoa, akaendelea na aya iliyofuata.

"Umeruka," alisema Mama Febronia.

"Hapana, mama, ni—"

"Vale. Mimi ni msomaji wa parokia, nasimama mbele za watu Jumapili miaka ishirini. Kiingereza sijui, lakini kusoma najua. Kidole chako kimeshuka mistari minne na mdomo haujasema kitu."

Valerian alikikunja kidole ndani ya kiganja.

"Siku ile uliponifasiria mkataba wa duka," aliendelea mama yule, bila kupandisha sauti, "nilikiona kidole chako kikishuka hivyohivyo. Nikasema moyoni, huyu ni mtoto wa dada yangu, anajua anachofanya. Nikatia sahihi. Kulikuwa na nini pale?"

Hapo ndipo aibu ilipomshika Valerian Mihayo, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa anakumbuka vizuri. Siku ile alikuwa na haraka ya kuwahi basi, tena duka lilikuwa limemwahidi yeye kazi ya kuchapa lebo zao zote za asali. Kipengele kilikuwa kirefu, cha kisheria, akajiambia ni maneno tu.

"Kilisema," alijibu, "kwamba wakati mkataba unaendelea usiuze asali kwa jina lako popote mkoani Geita. Na kwamba wao wanaweza kuacha kuagiza wakati wowote."

Masumbwe iko mkoa wa Geita. Maduara yote aliyoyazoea yako mkoa wa Geita. Mama Febronia alihesabu jambo kwa vidole, labda miezi ya ule mwaka wa mkataba.

"Kumbe ndiyo maana watu wa duka walikuja kunikaripia pale mnadani," alisema. "Nikadhani wananionea." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Sasa soma uliporuka."

Akasoma. Uelewa mdogo wa soko. Maneno yalikuwa mepesi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili yakawa mazito kuyatamka mbele ya mtu mwenyewe.

"Na huyu A ni nani?"

"Ni wewe, mama. Tunaficha majina, ndiyo utaratibu."

"Utaratibu." Alichukua chupa moja akaunyoosha utepe wake. "Kwenye chupa uliniondoa jina. Dukani mkaniondoa jina. Hata kwenye daftari lako la shule nimekuwa A. Wewe humo unaitwa nani?"

Valerian alizigeuza karatasi hadi mwisho. Katika kurasa tisa yeye hakuwemo kabisa.

"Nisamehe, mama mdogo," alisema, na machozi yalimlengalenga, mtu mzima mwenye mvi. "Sikukosea kwa kutojua. Niliruka."

Mama Febronia hakumjibu kwamba amesamehe. Aliuliza kuhusu ile njia ya tatu iliyotajwa mwanzoni mwa insha. Valerian akamweleza juu ya Mariana, mama wa Kambarage anayefungasha chai ya tangawizi, aliyetaka kutoa boksi moja lenye chai yake na asali, majina yote mawili juu, gharama wagawane.

"Majina yote mawili?"

"Yote. Wateja wake watakujua wewe, wako watamjua yeye."

"Na tangawizi yake ikikutwa na mchanga?"

"Jina lako linachafuka pamoja na lake. Hiyo ndiyo hatari yake."

"Haya. Kumbe unaweza kusema hatari kabla mtu hajauliza mara mbili." Akafikiri. "Mwambie tujaribu maboksi machache. Iandikwe kwamba kila mtu jina lake ni lake tukiachana. Kitambaa kiwepo. Na karatasi hiyo atanisomea Klara."

Si wewe. Hakulisema, wala haikuhitajika. Kisha akaomba kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa duara wa msomaji wa kanisani kwamba yeye, Febronia, anaruhusu jina lake na la asali yake litajwe kwenye insha hiyo.

Jumamosi Valerian aliwasilisha kurasa kumi na moja. Madam Vaileth alizipitia amesimama, akasoma ile ruhusa iliyobanwa mwishoni, akamtazama. Kisha akamwomba asogee mbele alisomee darasa ukurasa wa sita, kwa Kiswahili, ili wote waelewe.

Valerian alisimama mbele ya wale vijana. Akaweka kidole kwenye mstari. Alisoma habari za Mama Febronia wa Masumbwe, mwenye Asali ya Mama Klara, alivyopoteza alama iliyomtambulisha, kisha alivyofungwa na mkataba ambao hakuusikia wote. Sentensi iliyofuata ilimtaja mshauri aliyemsomea mkataba huo, na kazi ya lebo aliyoahidiwa. Aya iliyokuwa chini yake ilikuwa ya nadharia tupu, salama, na hakuna kijana hata mmoja mle ndani ambaye angejua kwamba ameruka.

Kidole kilifika kwenye sentensi hiyo, kikasimama.

"Sauti, mzee, hatusikii," alisema mmoja wa nyuma.

"Mshauri huyo," alisoma Valerian, "ni mimi."