Picha ya Syokau, Ukurasa wa Nyuma

Kaluki, jirani yangu hapa Woodley, hutengeneza violezo vya programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na wasifu wa marehemu, na kuviuza mtandaoni. Nimemwambia mara nyingi kwamba maelezo anayoyaweka chini ya bidhaa zake ni mafupi mno. Hunicheka tu. Anasema mtu aliyefiwa hana muda wa kusoma gazeti.

Kiolezo kinachonunuliwa zaidi alikiandikia hivi: "Faili ya Word. Picha zimo. Unapata papo hapo." Picha alizomaanisha ni maua na mishumaa. Lakini kwenye ukurasa wa nyuma alikuwa ameweka, kama mfano, picha ya marehemu mama yake, Syokau, akitabasamu, kichwani kitambaa chake cha kanisani. Hakuandika popote kwamba iondolewe.

Alhamisi akapigiwa simu na mteja, Norman Kiragu, ambaye angemzika baba yake kesho yake.

"Madam, programu zimeprintiwa zote, na sasa maauntie wananiuliza huyu mama wa nyuma ni nani. Wanasema mzee alikuwa na bibi mwingine!"

"Kwani hungetoa hiyo picha?"

"Si uliandika picha ziko? Nilidhani amekuja na design."

Kaluki alitaka kumjibu vibaya, akajizuia, akamwambia tu kwamba huyo ni marehemu mama yake. Mama yake, mke wa mtu mmoja maisha yake yote, amegeuzwa kuwa fitina kwenye matanga ya watu. Nikamsindikiza mjini, kwenye duka la uchapaji alikokuwa Norman.

Fundi wa mashine, Bramwel, alikuwa mtulivu. Kurasa za ndani hazikuwa na shida. Jalada la mbele na la nyuma hutoka kwenye karatasi moja inayokunjwa katikati, kwa hiyo ni hiyo tu ya kuchapwa upya.

Mashine ikinguruma, Kaluki aliweka mtandaoni faili mpya yenye fremu tupu, kisha akaandika, nami nikisoma begani mwake: "Hii ni faili ya Word, ukubwa wa A5, unajaza mwenyewe. Maua na mishumaa vimo. Picha ya marehemu unaweka yako. Leseni: familia moja, mazishi ya mtu mmoja, usiiuze wala kuisambaza. Ukishalipa unatumiwa kiungo cha kupakua kwa barua pepe. Hatuchapishi wala hatuleti karatasi." Lilikuwa gazeti kamili. Sikumcheka.

Bramwel akaonyesha rundo la majalada ya zamani. "Hizi nitupe?"

Norman akaangalia upande wa mbele, wenye picha ya baba yake. Kaluki akaangalia upande wa mama yake.

"Pole sana kwa mzee," Kaluki akasema.

"Na wewe pole kwa mathe. Sikujua ni wako."

Bramwel akalipeleka rundo kwenye mashine ya kukatia, akalipanga mkunjo ukae chini ya kisu, akakata, mbele zikatengana na nyuma. Norman akabeba baba yake. Kaluki akamfunga mama yake kwenye leso aliyokuwa amejitanda, tukarudi naye nyumbani.